Shati Moja, Bluu Uani na Kijivu Ghalani

Fundi mkuu wa ushirika wa washonaji wa mtaa wetu alikuwa ananichukia, na mie nilikuwa namchukia. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo mengine yote hayaeleweki.

Studio yangu ilikuwa Temeke, chumba kimoja cha mbele katika nyumba aliyoniachia baba. Baba alikuwa mpiga picha kabla yangu, na alipofariki watu walidhani nitauza kamera niolewe. Sikuuza. Nyuma ya pazia jeusi nilikuwa na chumba cha giza, humo nikisafisha picha za rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Fundi mkuu alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mtu wa kusini, mrefu, mkimya kazini na mkali barazani. Siku moja bintiye mkubwa alikuja kuniomba nimfundishe kazi. Baba mtu alimfuata, akamshika mkono mbele ya wateja wangu, akasema kwa sauti mtaa mzima usikie, "Mwanangu hajifungii gizani na wanaume. Huyu ameshazoea, wewe hujazoea."

Toka siku hiyo wanawake wawili watatu waliacha kuja kupigwa picha kwangu. Mie na yeye hatukusalimiana tena. Mkewe akinikuta bombani aliniita "dada" kwa sauti ya chini, nami nilijibu huku natazama ndoo.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, nguo zikipatikana kwa mgao. Ushirika ulipewa majora ya kitambaa cha bluu, bluu nyepesi kama mbingu ya asubuhi, washone mashati ya shule moja ya sekondari huko kusini, mbali ng'ambo ya Rufiji. Mwenyekiti wa ushirika alitaka taarifa yenye picha za rangi ipelekwe wilayani. Picha za rangi sikuwa nasafisha mwenyewe; nilikuwa nikipiga, kisha napeleka filamu kwenye maabara moja mjini. Filamu yenyewe niliipata kwa taabu, roli moja tu, nayo nikaitunza kama dawa.

Picha ya kwanza nilipiga uani kwa ushirika, jua la saa nne. Mwenyekiti amesimama katikati, fundi mkuu kushoto kwake, na kijana mmoja mshonaji, mpwa wa fundi, amevalishwa shati la mfano. Vifungo vyeupe viliwaishia, kwa hiyo shati hilo la mfano lilikuwa na kifungo cheusi kimoja, cha pili kutoka juu. Mwenyekiti alicheka, akasema wanafunzi watadhani ni mtindo.

Picha ya pili nilipiga siku mbili baadaye, siku ya kupakia. Mvua ilikuwa inamwagika toka alfajiri. Lori lilirudishwa nyuma mpaka mlangoni mwa ghala, turubai likafungwa juu, ndani kukawa giza mchana. Waliwasha globu tatu zilizoning'inia kwenye nyaya. Mwenyekiti hakuwepo, alikuwa mkutanoni. Fundi mkuu alishika hati ya kupeleka mzigo mbele ya kifua, mpwa wake akavaa tena lile shati la mfano, na nyuma yao marobota ya mashati. Flashi yangu ilikuwa haina betri, na betri mji mzima hazikuwepo. Nikaweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, nikawaambia wasitikisike, nikafungua lenzi nikihesabu sekunde mbili. Kisha kijana akavua shati, likatiwa kwenye robota la mwisho, lori likaondoka kuifuata barabara ya Kilwa.

Nilijua nafanya vibaya. Filamu ile, hata boksi lake lilisema, ni ya jua au flashi. Mwanga wa globu si mweupe kama tunavyouona. Ni mwekundu-manjano, kama wa moto wa kuni, na ndani yake bluu ni kidogo sana. Jicho la mtu lina akili yake: ukikaa kidogo chini ya globu, karatasi nyeupe utaiona nyeupe, shati la bluu utaliona la bluu, kwa sababu ubongo unajirekebisha wenyewe. Filamu haina ubongo. Imetengenezwa iamini kwamba mwanga wote ni wa jua, na ikipewa wa globu inaandika manjano yote iliyoyakuta. Siku hizi vijana wenye kamera za kisasa huita jambo hilo waiti balansi, na kamera inalinganisha weupe yenyewe. Wakati wetu kulinganisha kulifanywa na filamu, au flashi, au fundi wa maabara kwa vichujio vyake, vioo vya rangi vya kuchuja mwanga. Siku ile hakuna aliyelinganisha.

Picha ziliporudi kutoka mjini, ile ya uani ilikuwa safi. Ile ya ghalani ilikuwa aibu. Nyuso zilikuwa kama zimepakwa mawese. Na shati la yule kijana, lililokuwa bluu kama mbingu, lilikuwa la kijivu. Kijivu kabisa, kama jivu la mkaa.

Niliwapelekea. Niliona haya kusema kwamba nimeharibu kazi, nikaziweka mezani, nikaondoka.

Siku ya pili yake, Jumanne, nikaitwa ofisini kwa ushirika. Mwenyekiti alikuwa ameziweka picha mbili bega kwa bega juu ya meza, na mtunza ghala amesimama nyuma yake. Fundi mkuu alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti.

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti," nilisema.

"Marahaba. Hizi picha ni zako?"

"Ni zangu."

"Hakuna mtu aliyezigusa?"

"Hakuna."

Akaweka kidole kwenye ile ya kwanza. "Bluu." Akaweka kwenye ya pili. "Kijivu. Kitambaa cha serikali cha bluu kimeingia hapa, na kilichopakiwa kwenye lori ni kijivu. Bluu imekwenda wapi, ndugu fundi?"

"Bluu imekwenda shule," fundi alisema. "Mie nilipakia bluu."

"Picha inasema kijivu."

"Basi picha inasema uongo."

Mtunza ghala akacheka puani. Mwenyekiti akamgeukia na kumuuliza aliona rangi gani siku ya kupakia. Yeye akasema mle mlikuwa na giza, alikuwa anahesabu marobota, hakutazama rangi. Mpwa wa fundi alishaulizwa asubuhi na akaapa ni bluu, lakini mpwa ni mpwa, nani angemwamini? Dereva alikuwa njiani, na mvua ilikuwa imeifunga barabara upande wa Rufiji. Simu ya shule haikushika. Mashati yenyewe hakuna aliyeweza kuyaona.

Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe ulikuwepo. Uliona rangi gani?"

Niliona bluu. Hakukuwa na shaka yoyote katika kichwa changu. Nilimtazama fundi, naye alinitazama kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na jicho lake halikuwa la kuomba. Lilikuwa lile lile la siku ya bintiye. Alikuwa na hakika nitasema ubaya.

"Mie kazi yangu ni kutazama mwanga, si kitambaa," nilisema. "Picha hiyo hapo."

"Na picha haisemi uongo," mwenyekiti alisema.

Sikumsahihisha. Nilitoka nje na moyo wangu ukiwa mtamu, siwezi kuficha. Nilinunua mihogo ya kukaanga nikala nimesimama, nikajiambia: naye aonje.

Jumatano akasimamishwa kazi. Kwenye duka la ushirika mkewe alipofika dirishani aliambiwa mgao wa nyumba yake umesitishwa mpaka uchunguzi uishe. Wanawake waliokuwa nyuma yake kwenye foleni hawakumtetea. Mmoja alisema, "Watu tunavaa viraka, wenzetu wanauza majora." Kuna mtu aliandika neno MWIZI kwa mkaa kwenye ukuta wao, na watoto wakipita walilisoma kwa sauti, wakijifunza kusoma.

Alhamisi mgambo walikuja kupekua. Nilisimama kwenye mlango wa studio nikaona. Walitoa magodoro, wakatoa sanduku la harusi la mkewe, wakalimwaga kwenye matope. Bluu hawakuiona hata kipande cha kufutia mikono. Wakachukua cherehani yake ya nyumbani, ile ya mkono aliyokuja nayo kutoka kusini, wakasema ni kielelezo. Wawili waliibeba bila kifuniko, mvua ikiipiga. Mmoja aliteleza, cherehani ikagonga ngazi ya saruji. Nilisikia chuma kinavunjika kutoka pale nilipokuwa.

Mchana ule mkewe alikuja kwangu. Hakukaa.

"Dada, wewe ulikuwepo siku ile."

"Nilikuwepo."

"Shati lilikuwa rangi gani?"

"Muulize mumeo. Mie ni mwanamke wa gizani, naona nini?"

"Alikosea kwako," alisema. "Nilimwambia siku ile ile. Lakini picha zile zina muhuri wako nyuma, si wake. Hata sie tukifukuzwa hapa, muhuri wako utabaki nyuma ya uongo."

Akatoka. Nilimkasirikia sana. Nilitukana peke yangu, nikafunga dirisha kwa kishindo. Kisha nikachukua picha za baba nilizokuwa nimezihifadhi kwenye bati la biskuti, nikazigeuza, nikatazama muhuri ule ule wa studio. Baba aliwahi kurudia picha ya kitambulisho ya mzee mmoja mara tatu kwa sababu kovu lake halikuonekana, akasema mtu akitafutwa kwa picha hii asitafutwe mwingine. Sikupata usingizi mzuri, na sitaki kusema kwamba ni kwa huruma. Nilikuwa bado namchukia yule mtu. Lakini nilichukia zaidi kwamba kazi yangu mbovu inaitwa ushahidi.

Ijumaa asubuhi nilichukua negetivu, nikaenda mjini. Fundi wa maabara alikuwa mzee mwembamba mwenye kikohozi, mkorofi, na hakufurahi kuniona.

"Roli lako nililisafisha kwa vichujio vya fremu ya kwanza," alisema. "Karatasi hakuna. Sifanyi majaribio kila fremu. Ungetaka rangi ya kweli ungeweka flashi."

"Najua. Sasa nataka fremu ya ghalani uilinganishe."

"Kwa nini?"

"Mtu anaitwa mwizi."

Alikohoa, akanitazama, akachukua negetivu. Alinionyesha kitu ambacho sikuwahi kukiona, kwani rangi sikuwa nasafisha mwenyewe. Picha ikitoka manjano, mtu angedhani unapunguza manjano. Kumbe unaongeza kichujio cha manjano kwenye mwanga wa mashine, na kidogo cha waridi iliyokolea, kwa sababu negetivu inageuza kila kitu kinyume, na karatasi nayo inageuza tena. Tulitumia kipande kidogo cha karatasi kwanza. Alikitazama mahali pamoja tu, kwenye ile hati aliyoshika fundi mkuu.

"Shati silitazami," alisema. "Sijui lilikuwa rangi gani, na wewe usiniambie. Karatasi najua ni nyeupe. Nitaifanya karatasi iwe nyeupe, na kila kitu kingine kiende kitakakokwenda."

Mara ya tatu hati ilitoka nyeupe. Nyuso zikawa nyuso za watu. Shati likawa la bluu, bluu chafu kidogo, yenye chembechembe, maana filamu ilikuwa haikupata bluu ya kutosha kule ghalani. Lakini hakuna mtu mwenye macho angeliita kijivu.

Nikamwomba kitu kimoja zaidi: achukue fremu ya uani, ile nzuri, aisafishe kwa vichujio vile vile vya ghalani. Aliguna kuhusu karatasi, lakini alifanya. Ilitoka ya bluu yote, mpaka meno ya mwenyekiti.

Jumamosi palikuwa na mkutano wa wanachama kwenye ghala lile lile. Watu walijaa, wengine walisimama nje. Ulikuwa wa kumfukuza fundi na kumpeleka mbele ya sheria. Niliomba kusema. Mwenyekiti hakutaka.

"Wewe si mwanachama."

"Picha ni zangu. Kama zinatumika hapa, nitazisemea."

Pakawa na kelele. Mtu wa nyuma alisema, "Mwacheni aseme, au mnaogopa mwanamke?" Mwenyekiti akanipa dakika tano.

Niliweka picha mezani. Kwanza kifungo. "Tazameni kifungo cha pili," nilisema. "Cheusi, huku na huku. Hili ni shati moja. Si mashati mawili. Kama fundi alibadilisha kitambaa, alikata kifungo hiki akakishona kwenye la kijivu pale pale, ili iweje?"

"Ili atudanganye," mtunza ghala alisema.

"Kwa kifungo, halafu asahau rangi?"

Wengine walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Nikatoa picha mpya, yenye shati la bluu, na hapo ndipo ghala lilipochafuka.

"Ameipaka rangi!" mtunza ghala alipiga kelele. "Amepewa nini huyu? Jumanne alisema hajui, leo ana picha mpya!"

"Kumbe picha inaweza kugeuzwa utakavyo," mwenyekiti alisema, akiishika kwa ncha za vidole kama kitu kinachonuka. "Basi wewe ndiye wa kukamatwa."

Nikamsogezea picha ya kwanza ya ghalani. "Ndugu Mwenyekiti, fundi kwenye picha ameshika nini?"

"Hati ya mzigo."

"Iko wapi sasa?"

Alifungua faili lake. Ilikuwa humo, imekunjwa mara mbili, ina muhuri wa ushirika.

"Ni ya rangi gani?"

"Nyeupe. Kila mtu anaona ni nyeupe."

"Iweke juu ya picha ya kwanza ya ghalani. Juu ya hati iliyomo kwenye picha."

Aliiweka. Watu waliokuwa mbele waliinama. Kwenye picha, hati ilikuwa ya manjano kama samli.

"Nani aliyebadilisha hati?" niliuliza. "Fundi aliiba karatasi nyeupe akaleta ya manjano? Globu hizi tatu ndizo zimeipaka manjano, na ndizo zimelipaka shati. Manjano juu ya bluu nyepesi inaiua, inabaki kijivu. Fundi wa maabara hakugusa shati. Kichujio kinafunika picha nzima. Ukiileta hati iwe nyeupe kama hiyo mkononi mwako, shati linakuja nalo, upende usipende." Nikatoa ile ya uani iliyoharibika. "Na hii hapa imesafishwa kwa vichujio vile vile. Uani palikuwa na jua, hapakuhitaji. Tazama meno yako, Ndugu Mwenyekiti."

Sasa ghala lote lilicheka, na kicheko kile hakikuwa kizuri. Kilikuwa cha watu waliokuwa wakimcheka fundi juzi. Mwenyekiti alikunja picha ya meno ya bluu akaitia mfukoni.

"Haya," alisema taratibu. "Jambo hili ulilijua lini?"

Ningeweza kusema jana. Watu wengi wangesema jana.

"Jumanne," nilisema. "Nililijua hapa hapa, uliponiuliza."

Fundi mkuu, ambaye muda wote alikuwa anatazama sakafu, aliinua uso.

Walimrudisha kazini kwa kura, mikono mingi juu, mikono ile ile. Mgao ukafunguliwa. Hakuna aliyeomba radhi. Mwenyekiti aliandika kwamba palitokea "kasoro ya kiufundi ya mpiga picha", na ushirika haukunipa kazi tena. Cherehani ililetwa Jumatatu ikiwa na gurudumu lililopasuka. Kipuri chake hakikupatikana mahali popote, si Kariakoo wala kwa mafundi chuma wa Gerezani.

Siku ile ilipoletwa nilikwenda kwake. Sijui nilitarajia nini. Alikuwa barazani, cherehani mbele yake, anageuza gurudumu kwa mkono, linazunguka nusu, linakwama.

"Shikamoo," nilisema. Alinizidi umri, na shikamoo sikuwa nimempa tangu siku ya bintiye.

Hakuitikia. Aligeuza gurudumu tena.

"Ungesema Jumanne," alisema, "hii ingekuwa inashona."

"Na wewe ungenyamaza siku ile mbele ya wateja wangu."

"Mie nilisema neno. Neno halivunji chuma."

"Lilivunja kazi yangu."

"Basi tumelipana," alisema. "Nenda nyumbani kwako."

Nilikwenda. Baada ya mvua barabara ilifunguka, na barua ikaja kutoka shuleni kusema mashati yamefika, bluu nzuri, ila mikono ni mifupi kwa wanafunzi warefu. Mwenyekiti aliibandika ubaoni sehemu ya juu ya barua tu.

Fundi hakukaa sana. Alihamisha familia Mbagala kabla ya mwaka kuisha, na kwenye ushirika akaacha mpwa wake. Yule binti mkubwa alinijia siku ya kuhama, wakati baba yake anafunga kamba za mizigo na anamwona. Hakumwita. Binti aliniuliza kama ni kweli jicho linadanganya na filamu inasema kweli. Nikamwambia hapana, ni kinyume chake, mara nyingi. Akauliza kama Mbagala kuna mtu wa kumfundisha. Sikumjua yeyote. Nikampa kitabu cha baba cha vipimo vya mwanga, kilichochanika jalada, akakifunga ndani ya kanga, akarudi kwenye mkokoteni.

Nilirudi ndani, nikafungua pazia, nikaendelea na picha za kitambulisho za siku ile, nyeusi na nyeupe, watu saba.